Shilingi 205,000 Zisizo na Mwenyewe

Hesabu za maduka mengi siku hizi husafiri kwa picha. Mwenye duka yuko Mbeya, mtu anayemfungia hesabu yuko Dar es Salaam, na mwaka unapoisha karani hutandaza leja juu ya kaunta, akapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu na kuzituma. Kwa kuwa picha haimwambii mhasibu kosa liko wapi, inambidi alitafute mwenyewe. Akishalipata anakatazwa kufuta. Kosa husahihishwa kwa kuandika ingizo jipya.

Tuseme ni duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba. Kila muamala dukani huandikwa mara mbili: upande wa debiti katika akaunti moja na upande wa krediti katika nyingine. Basi ukikusanya bakaa zote za leja na kuzipanga katika urari, jumla za pande mbili zinapaswa kulingana. Hapa hazikulingana. Debiti zilifika 48,415,000 na krediti 48,620,000, kwa hiyo upande wa debiti ulipungukiwa shilingi 205,000.

Wahasibu wana vijaribio viwili vya zamani vya kuanzia. Gawanya tofauti kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho katika vitabu: huenda kimeandikwa upande usio wake, maana kiasi kikihamia upande wa pili tofauti huwa mara mbili yake. Ukikosa, gawanya kwa 9: ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kama 54 kuandikwa 45. Nusu ya 205,000 ni 102,500, kiasi ambacho hakimo kokote. Kwa 9 haigawanyiki. Vijaribio hivyo vimeshindwa kwa sababu huhitaji kosa liwe moja tu, na hapa yako kadhaa, mengine yakivutia huku na mengine kule. Tofauti inayoonekana ni mabaki ya mvutano huo.

Ndipo inapofunguliwa akaunti ya muda, ambayo wahasibu wengi huiita saspensi. Inaandikwa shilingi 205,000 upande wa debiti, ule uliopungua, na urari unalingana. Bado hakuna kilichosahihishwa. Tofauti imepewa tu mahali pa kukaa huku msako ukiendelea, na kila kosa la upande mmoja litakalopatikana litapunguza au kuongeza bakaa hiyo.

Msako huo hauanzi kwenye leja. Picha za leja peke yake humwonyesha mhasibu kilichoandikwa, zisimwonyeshe kilichopaswa kuandikwa. Kwa hiyo anaomba pia picha za ankara, stakabadhi, hati za malipo na daftari la mauzo ya mkopo, na anataka kila picha ionyeshe namba ya ukurasa na jumla iliyo chini. Picha nazo zina makosa yake. Katika daftari nene, mkunjo wa katikati humeza tarakimu ya kwanza, na 1,240,000 ikasomeka 240,000. Dawa yake ni kujumlisha safu yote kama inavyoonekana kwenye picha. Jumla iliyoandikwa chini ikizidi yako kwa 1,000,000 kamili, kabla ya kumlaumu karani mwombe akandamize daftari apige tena. Kosa la picha likiingizwa kwenye jarida kama kosa la kitabu, umetengeneza kosa ambalo halikuwepo.

Baada ya siku za kupekua na kupigiana simu ("Dada, hii ni moja au saba?"), makosa manne yalithibitika. Kwa kila moja mhasibu alijiuliza maswali mawili: kimeandikwa nini, na kilipaswa kuandikwa nini? Ingizo la masahihisho ni tofauti kati ya majibu hayo.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye mauzo ya mkopo ya Novemba. Jumla katika daftari la mauzo ni 7,840,000, lakini ilipohamishiwa akaunti ya Mauzo iliandikwa 7,480,000. Akaunti za wateja ziko sawa, kwa kuwa kila moja iliandikwa kutoka kwenye ankara yake. Kwa hiyo upande wa krediti pekee umepungua, kwa 360,000. Mauzo yanahitaji krediti ya kiasi hicho, na kwa kuwa hakuna akaunti nyingine iliyokosewa, mguu wa pili wa ingizo unaangukia akaunti ya muda:

Debiti: Akaunti ya muda 360,000
Krediti: Mauzo 360,000
(Kusahihisha jumla ya mauzo ya Novemba, 7,840,000, iliyohamishwa kama 7,480,000.)

Angalia kwamba 360,000 inagawanyika kwa 9. Kijaribio kingelinasa kosa hili kama lingekuwa peke yake.

La pili lilikuwa jepesi. Umeme wa 85,000 ulilipwa, daftari la fedha likapunguzwa, lakini akaunti ya Umeme haikuandikwa chochote. Fedha imeshatoka na imeonyeshwa kutoka, kwa hiyo daftari la fedha haliguswi tena. Hapo ndipo wengi huteleza: wanaandika debiti Umeme, krediti Fedha, na mara hiyo umeme unakuwa umelipwa mara mbili vitabuni.

Debiti: Umeme 85,000
Krediti: Akaunti ya muda 85,000
(Malipo ya umeme yaliyoachwa bila kuhamishiwa leja.)

La tatu linataka utulivu. Duka lilimlipa msambazaji wa saruji 240,000. Daftari la fedha liko sawa, lakini katika akaunti ya msambazaji malipo yaliandikwa upande wa krediti badala ya debiti. Deni lililopaswa kupungua likaongezeka. Je, ingizo liwe la 240,000? Hapana. Hizo zitaondoa tu kile kilichoongezwa kimakosa na kuirudisha akaunti ilivyokuwa kabla ya malipo. Zinahitajika 240,000 nyingine kurekodi malipo yenyewe.

Debiti: Msambazaji wa saruji 480,000
Krediti: Akaunti ya muda 480,000
(Malipo ya 240,000 yaliyoandikwa upande wa krediti; kiasi kimezidishwa mara mbili ili kufuta na kurekodi upya.)

Kosa la nne halikuonekana kwenye urari kabisa. Lilionekana kwenye picha ya ankara. Duka lilinunua mizani ya 320,000 kwa ajili ya kupimia misumari, nayo ikaandikwa kwenye Manunuzi pamoja na bidhaa za kuuza. Debiti ilikuwepo, krediti ilikuwepo, na viwango vililingana. Kilichokosewa ni aina ya akaunti. Mizani hiyo haiuzwi, itatumika miaka kadhaa, kwa hiyo ni mali ya duka.

Debiti: Vifaa vya duka 320,000
Krediti: Manunuzi 320,000
(Mizani ya matumizi ya duka iliyoandikwa kama bidhaa za kuuza.)

Akaunti ya muda haimo katika ingizo hili wala haipaswi kuwemo. Kipimo chake ni hiki: je, kosa lenyewe liliharibu ulinganifu wa debiti na krediti? Kama liliuharibu, mguu mmoja wa masahihisho unakwenda kwenye akaunti ya muda. Kama halikuuharibu, ingizo linafanyika baina ya akaunti zilizokosewa zenyewe. Ukiingiza akaunti ya muda hapo, utaanzisha tofauti mpya, kisha uhangaike kutafuta asili yake.

Sasa tufunge akaunti ya muda. Upande wa debiti kuna 205,000 za mwanzo na 360,000 za mauzo, jumla 565,000. Upande wa krediti kuna 85,000 na 480,000, jumla pia 565,000. Bakaa ni sifuri.

Kama isingekuwa sifuri, kiasi kilichobaki kingekuwa dokezo. Aliyesahihisha kosa la msambazaji kwa 240,000 tu atabakiwa na debiti ya 240,000, yaani nusu iliyosahauliwa, nayo inajitambulisha kwa sura yake. Aliyegeuza ingizo la mauzo, akadebiti Mauzo na kukrediti akaunti ya muda, ataachwa na krediti ya 720,000, mara mbili ya kosa. Kwa hiyo kabla hujarudi kwenye picha kutafuta kosa la tano, linganisha bakaa na viwango vya maingizo uliyokwisha kuandika. Mara nyingi mwenye kosa ni msahihishaji.

Mwenye duka, kwa kawaida, anataka kujua kitu kimoja: faida imekuwaje? Ya awali ilikuwa 4,100,000. Mauzo yameongeza 360,000, umeme umepunguza 85,000, na kutoa mizani kwenye manunuzi kumeongeza 320,000, hivyo inakuwa 4,695,000 kabla ya kukata uchakavu wa mizani hiyo. Kosa la msambazaji halikugusa faida. Kulisahihisha kumeshusha deni kwenye mizania kwa 480,000, na hilo si dogo kwa duka ambalo lingeweza kulipa tena saruji iliyokwisha kulipiwa. Tena kosa lililobadilisha faida kwa kiasi kikubwa, la mizani, ndilo ambalo urari haukulilalamikia hata kidogo. Ndiyo maana akaunti ya muda iliyofika sifuri haithibitishi kwamba vitabu ni safi. Makosa mawili yanayolingana kwa kiasi na kukinzana kwa upande huuana kimya. Muamala ambao haukuandikwa kabisa hauachi alama yoyote kwenye urari. Haya hunaswa kwa kulinganisha leja na karatasi za nje: taarifa ya benki, taarifa ya deni anayotuma msambazaji, na ankara zenyewe. Ankara na stakabadhi zilizochapwa kwenye karatasi ya joto hufifia, basi zipigwe picha siku zinapotolewa, kwa maana kufikia Desemba nyingine huwa nyeupe tupu.

Katazo la kufuta lina umri mkubwa. Luca Pacioli, aliyechapisha maelezo ya uhasibu wa pande mbili huko Venisi mwaka 1494, alieleza namna ya kuondoa ingizo lililowekwa pasipo mahali pake kwa kuandika ingizo la kinyume chake. Leja iliyofutwa kwa kalamu nyeupe haisemi nani alibadilisha nini, wala kwa nini. Maelezo mafupi chini ya kila ingizo yanasema, ndiyo maana hayaachwi hata mhasibu akiwa na haraka, na ni vizuri yataje ukurasa na tarehe ya hati iliyopigwa picha.

Programu za kompyuta hukataa ingizo la upande mmoja, hivyo makosa kama matatu ya kwanza ni nadra humo. Hata hivyo akaunti ya muda ingalipo. Fedha ikiingia kwa simu kutoka namba isiyojulikana, karani huiweka humo hadi mteja ajitokeze na kusema alilipia ankara ipi. Akijitokeza, akaunti ya muda inadebitiwa na ya mteja inakreditiwa. Asipojitokeza hadi siku ya kufunga mwaka, kiasi hicho kinaonyeshwa kwenye mizania kama deni, kwa kuwa ni fedha ya mtu mwingine. Hakipelekwi kwenye mapato ili ukurasa tu upendeze.