Alama Tano Chini ya Skrini ya Taobao

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Gikomba hawaendi tena China kununua mzigo. Wanaagiza kwa simu, mzigo unafikia kwenye ghala la wakala Guangzhou, kisha unaingia kontena au ndege. Taobao, soko la mtandaoni lililoanzishwa na kampuni ya Alibaba mwaka 2003, ni moja ya milango yao, lakini maandishi yake kwa kawaida ni ya Kichina. Asiyejua kuyasoma aanzie chini ya skrini, kwenye ule mstari wa alama.

Alama hizo kwa kawaida ni tano. Za katikati hubadilishwa mara kwa mara programu inaposasishwa, kwa hiyo usishangae ukikuta tofauti kidogo na simu ya mwenzako. Ya kwanza kushoto ni mwanzo wa soko, 首页. Hapo juu kuna sehemu ya kutafutia bidhaa yenye alama ya kamera. Kwa asiyejua Kichina, kamera hiyo ndiyo mkombozi: piga picha ya bidhaa uliyonayo, utaletewa zinazofanana nayo. Inayofuata, 视频, ni video tu zenye bidhaa za kuuzwa ndani yake. Zitakula bando lako, zipite. Kiputo cha maneno, 消息, ni mazungumzo yako na wauzaji pamoja na taarifa za mizigo. Kitoroli, 购物车, ni bidhaa ulizoziweka kando, zimepangwa duka kwa duka. Kuwa kitoroloni hakumaanishi umewekewa: bei yaweza kupanda na bidhaa yaweza kuisha kabla hujalipa. Ya mwisho kulia, 我的淘宝, ni akaunti yako.

Kuzibonyeza hizo tano hakukugharimu kitu, hivyo zizungukie bila woga. Pesa hutoka pale tu unapothibitisha malipo, ambayo kwa Alipay kwa kawaida huombwa nywila ya tarakimu sita.

Wengi huchanganyikiwa wanapofungua bidhaa. Mstari ule hutoweka, na mahali pake huja mwingine unaofanana nao, ila kazi yake ni tofauti kabisa. Kushoto kuna alama ndogo: 店铺 inakupeleka dukani kwa muuzaji, 客服 inafungua mazungumzo naye, na 收藏 inahifadhi bidhaa uiangalie baadaye. Kulia kuna vitufe viwili vikubwa vya rangi. Cha ndani, 加入购物车, kinaweka kitoroloni. Cha pembeni kabisa, 立即购买, kinakupeleka moja kwa moja kwenye kununua. Ukitaka kurudi kwenye mstari wa kwanza, bonyeza mshale wa juu kushoto.

Sasa turudi kwenye akaunti, kwa sababu humo ndimo pesa yako inamolindwa. Ndani ya 我的淘宝 kuna safu ya alama ndogo za oda. Tuchukue mama mmoja wa Kariakoo aliyeagiza kava 50 za simu. Kabla hajalipa, oda yake iko 待付款. Akishalipa inahamia 待发货, yaani muuzaji bado hajatuma, na hapa kufuta oda ni rahisi. Muuzaji akituma, inaingia 待收货, na ukiifungua utaona mzigo ulipofika. Mbele yake ni 评价, mahali pa kutoa maoni, na 退款/售后, mahali pa kudai kurudishiwa pesa.

Kwenye 待收货 kuna kitufe 确认收货, yaani nimepokea. Mpaka kibonyezwe, pesa ya yule mama inashikiliwa, muuzaji hajaipata. Akikibonyeza, inaachiwa, na kudai baadaye kunakuwa kugumu zaidi. Shida ni kwamba mfumo haumngoji daima. Kwa mzigo wa kawaida unaosafirishwa ndani ya China, ukipita takribani siku 10 tangu ulipotumwa, wenyewe huhesabu kuwa umepokelewa. Kava zinaweza kuwa zimekaa ghalani Guangzhou, hazijafunguliwa, na yeye yuko Dar es Salaam akisubiri meli. Akizifungua huku na kukuta 20 si za aina ya simu aliyotaka, muda umeshapita.

Kwa hiyo kazi ya ukaguzi ni ya wakala, tena mapema. Kubaliana naye kabla ya kuagiza kwamba atafungua kifurushi, atahesabu, na atakutumia picha siku mzigo unapofika ghalani. Wengine hutoza kidogo kwa kazi hiyo; lipa. Picha zikichelewa, tafuta 延长收货 kwenye oda hiyo, kitufe kinachoongeza siku chache. Picha zikionyesha kasoro, ingia 退款/售后 na uziambatishe kama ushahidi. Na 确认收货 usikiguse mpaka uwe umeziona picha hizo kwa macho yako.