Njia Moja, Simu Nyingi

Simu za 2G hugawana hewa kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza masafa hukatwa vipande vya kilohezi 200, kila kipande na mawimbi yake, vilevile stesheni za redio zinavyotengana. Kisha kila kipande hugawanywa kwa muda: simu nane hupokezana, kila moja ikipata mikrosekunde 577 hivi, na zamu hurudi kabla sikio halijahisi pengo.

Ugumu uko kwenye muda. Mawimbi ya simu iliyo mbali huchelewa kufika na yangeangukia zamu ya mwenzake, kwa hiyo mnara huiamuru itangulie kutuma. Kutangulia huko kuna kikomo. Ndiyo maana, ukivuka kilomita 35 hivi, kwa kawaida simu haiunganishwi hata kama mawimbi ya mnara bado yanafika vizuri. Mgawanyo wa masafa hauna shida hiyo, ila hudai nafasi tupu kati ya kipande na kipande.

Chini ya bahari, kwenye kebo kama EASSy, uzi mmoja wa kioo hupitisha miale mingi ya leza, kila mmoja na urefu wake wa wimbi. Kimsingi ni mgawanyo uleule wa masafa, safari hii kwa mwanga. Linalonivutia zaidi ni kikuzaji chenye erbiamu: huikuza miale yote kwa mkupuo, bila kuigeuza kwanza kuwa umeme.