Kwa Nini “Nilipokea” na “Kuandika” Havikai Orodha Moja

Tuanze na methali ambayo kila mmoja wetu aliisikia tangu utotoni: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Sasa jaribu kuisema hivi: umoja ni nguvu, kutengana kunadhoofisha. Maana imebaki ileile na sarufi haijavunjwa popote, lakini sikio linakataa. Upande wa kwanza una jina, kisha “ni”, kisha jina. Sikio likaandaliwa kupokea umbo hilohilo upande wa pili, likapewa jingine. Wataalamu wa mtindo wanakuita kulingana huku kwa maumbo usambamba, na mahali ambapo watu wengi huukosa bila kujua ni katika wasifu wa kazi, ile karatasi ambayo mitaani tunaiita sivii.

Tuchukue mfano wa kijana aliyefanya kazi miaka miwili akiwa karani wa stoo katika duka la jumla. Kazi hiyo imekwisha na sasa anaomba nyingine. Chini ya jina la kazi ameandika nukta sita:

• Nilipokea mizigo kutoka kwa wasambazaji
• Kuandika leja ya stoo kila siku
• Usimamizi wa vibarua wanne
• Nikahesabu mali kila mwisho wa mwezi
• Ripoti za mwezi ziliandaliwa kwa wakati
• Mwaminifu na mchapakazi

Ukisoma kila nukta peke yake, huoni kosa. Zote ni Kiswahili safi. Tatizo limo katika ujirani wake. Ya kwanza ni kitenzi chenye nafsi na wakati. Ya pili ni kitenzi kilichoanza na “ku”, hakina nafsi wala wakati. Ya tatu ni jina la tendo. Ya nne ina “ka”, kiambishi cha masimulizi kinachoegemea tendo lililotangulia. Ya tano imegeuzwa kuwa ya kutendwa, na aliyeandaa ripoti ametoweka. Ya sita haisemi alichofanya, bali jinsi alivyo. Nukta sita, sura sita. Msomaji mwenye rundo la maombi mezani analazimika kujipanga upya kila mstari, na kila mara ajiulize nani alifanya, na lini.

Mchanganyiko huu una chanzo chake katika namna tunavyozungumza. Mwulize kijana huyu alikuwa akifanya nini, atakujibu: “Nilipokea mizigo na kuandika leja, nikahesabu mali kila mwisho wa mwezi.” Hiyo ni sentensi nzuri kabisa. Kiswahili kinaruhusu kitenzi cha pili, kikiunganishwa na cha kwanza kwa “na”, kiache nafsi na wakati kivae “ku” tu, kwa sababu “nili” ya mwanzo inatosha kuvifunika vyote viwili. Vivyo hivyo “nikahesabu” inapata wakati wake kutoka kwa tendo lililotangulia. Kijana alichofanya ni kuikata sentensi hiyo vipande na kuweka nukta mbele ya kila kipande. “Na” ikaanguka, kamba iliyoshikilia “kuandika” ikakatika, na kila kipande kikabaki na umbo la mahali kilipotoka. Nukta haina “na” ya kuiegemea. Kila nukta inapaswa kusimama kwa miguu yake.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha ni kuchagua umbo moja, na hapa kuna matatu yanayofaa, kila moja na kazi yake. La kwanza ni “nili”: nilipokea, niliandika, nilisimamia. Umbo hili linataja mtendaji, linaonyesha kwamba tendo limetendeka, na linafaa kwa kazi iliyokwisha. La pili ni “ku” chini ya kichwa kama “Majukumu”: kupokea, kuandika, kusimamia. Hili linaeleza kazi ilidai nini, ila halisemi kama wewe ulitimiza. La tatu ni jina la tendo: upokeaji wa mizigo, usimamizi wa vibarua. Hili linakaa vizuri katika orodha ya ujuzi, lakini katika orodha ndefu ya kazi huwa zito, na lina hatari ya kuficha maana. “Usimamizi wa vibarua” unaweza kusomwa kuwa vibarua walisimamiwa, au kuwa vibarua ndio waliosimamia.

Kwa kazi ambayo bado unaifanya, badala ya “nili” tumia “nina” katika nukta zote: ninapokea, ninaandika, ninasimamia. Epuka “hu” ya mazoea, kwani “hupokea mizigo” haina nafsi, na msomaji hajui ni wewe au ni mtu mwingine. Usichanganye pia “nili” na “nime” katika orodha moja bila sababu. Ukiandika “nilipokea” kisha “nimesimamia”, msomaji ataanza kutafuta tofauti ya wakati ambayo hukuikusudia. Kumbuka kwamba ulinganifu unadaiwa ndani ya orodha moja. Orodha ya kazi ya zamani ikiwa ya “nili” na ya kazi ya sasa ikiwa ya “nina”, hakuna kilichoharibika.

Ukishachagua na kuandika, hakiki. Kuna njia mbili, na ni lazima zitumike pamoja kwa sababu kila moja ina mahali inapodanganya.

Njia ya kwanza ni ya jicho. Chukua karatasi ufunike orodha yote, uache wazi neno la kwanza tu la kila nukta. Kisha shuka nalo: nilipokea, kuandika, usimamizi, nikahesabu, ripoti, mwaminifu. Tofauti inajitokeza papo hapo, kwa kuwa Kiswahili hubeba nafsi na wakati mwanzoni mwa kitenzi. Herufi chache za mwanzo zinakuambia karibu kila kitu unachotaka kujua.

Lakini jicho hudanganywa na herufi zinazofanana. Orodha inaweza kushuka hivi: kupokea mizigo, kuandika leja, kumbukumbu za mauzo. Zote zina “ku”, ila “kumbukumbu” ni jina la kitu, si kitenzi. Au ishuke hivi: usimamizi, upokeaji, uaminifu. Zote zina “u”, ila mbili za kwanza ni matendo na ya tatu ni tabia. Aliyetazama kwa haraka ataipitisha.

Njia ya pili ni ya sikio. Tunga mwanzo mmoja wa sentensi, kisha usome kila nukta kwa sauti baada ya mwanzo huo. Kwa orodha ya “nili”, mwanzo uwe “Katika kazi hiyo mimi mwenyewe”. Ukisema “katika kazi hiyo mimi mwenyewe nilipokea mizigo”, inakaa. Ukisema “katika kazi hiyo mimi mwenyewe kuandika leja”, sikio linakataa. Kwa orodha ya “ku”, mwanzo uwe “Kazi yangu ilikuwa”. Hapo “kazi yangu ilikuwa kumbukumbu za mauzo” itasikika imepungukiwa, na utajua kitenzi kimekosekana: kutunza kumbukumbu za mauzo.

Sikio nalo lina udhaifu wake, hasa kwa orodha ya “ku”. “Kazi yangu ilikuwa kusimamia vibarua” na “kazi yangu ilikuwa usimamizi wa vibarua” zote zinapita. Sababu ni kwamba katika Kiswahili kitenzi chenye “ku” ni jina pia; ndiyo maana tunasema “kusoma kwake kumemsaidia”. Kwa hiyo sentensi ya kupimia haiwezi kutenganisha “kusimamia” na “usimamizi”. Hapo ndipo jicho linarudi kazini. Lile linaloponyoka jicho hunaswa na sikio, na lile linaloponyoka sikio hunaswa na jicho.

Turudi kwa karani wetu. Kazi imekwisha, basi amechagua “nili”. Nukta ya kwanza inabaki. Ya pili inakuwa “niliandika leja ya stoo kila siku”. Ya nne inaacha “ka” na kuwa “nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi”. Hizi ni rahisi, kwani ni kiambishi tu kimebadilika.

Ya tatu na ya tano zinadai kufikiri zaidi, maana kubadili umbo ni kutoa madai mapya. “Usimamizi wa vibarua wanne” ikiwa “nilisimamia vibarua wanne”, kijana anakuwa ametamka kwamba yeye ndiye aliyesimamia. Kama ni kweli, aandike. Nukta ya ripoti ni nyeti zaidi. “Ziliandaliwa” haikumtaja mtu, na huenda mwandishi halisi alikuwa mhasibu, naye akichangia takwimu za stoo. Akiandika “niliandaa” ili ilingane na nyingine, amepata ulinganifu na kupoteza ukweli, na swali moja tu kwenye usaili litamuumbua. Umbo linalolingana na bado ni kweli lipo: “nilisaidia kuandaa ripoti ya mwezi ya stoo”.

Nukta ya sita haigeuziki. Hakuna tendo ndani yake. Aitoe katika orodha hii aipeleke kwenye sehemu ya sifa binafsi, ambako jirani zake watakuwa maneno ya aina yake. Orodha mpya inasomeka hivi:

• Nilipokea na kukagua mizigo kutoka kwa wasambazaji
• Niliandika leja ya stoo kila siku
• Nilisimamia vibarua wanne wa kupakua mizigo
• Nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi
• Nilisaidia kuandaa ripoti ya mwezi ya stoo

Angalia nukta ya kwanza: “nilipokea na kukagua”. Hili si kosa lile la mwanzo limerudi. “Kukagua” iko ndani ya nukta ileile na “na” ipo mbele yake, kwa hiyo “nili” bado inaifunika. Vilevile “kuandaa” katika nukta ya mwisho imeshikwa na “nilisaidia”. Ulinganifu unahesabiwa kwenye kichwa cha kila nukta. Ndani ya nukta sarufi ya kawaida inaendelea na kazi yake. Kinachobaki ni alama: ama kila nukta iishe kwa kituo, ama isiwepo hata moja yenye kituo.

Wapo wanaoogopa kwamba “nili” tano mfululizo zitamchosha msomaji, hivyo wanabadili maumbo kwa makusudi ili kuleta ladha. Katika hadithi wangekuwa na hoja. Katika orodha ni kinyume chake: kiambishi kinapojirudia, jicho huacha kukitazama, linaruka moja kwa moja hadi kwenye shina la kitenzi. Msomaji anaona pokea, andika, simamia, hesabu, saidia. Tofauti inayostahili kuonekana ni ya kazi ulizofanya, nayo huonekana vizuri pale maumbo yanapotulia.

Kabla hujatuma wasifu wako, funika orodha uache neno la kwanza la kila nukta, kisha isome yote kwa sauti baada ya mwanzo mmoja wa sentensi. Nukta inayogoma, irekebishe kama ina tendo ndani yake na tendo hilo ni lako kweli. Kama sivyo, ihamishe au iondoe.