Picha ya Darasa Isiyo na Mwanangu

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000. Kosa lake lilikuwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura yake ni mojawapo ya taarifa hizo. Aliyekubali mwanzoni ana haki ya kubadili nia wakati wowote, ila jarida lililokwisha kusambazwa halirudishwi. Ndiyo maana barua inafaa ifike mapema.

Barua yenyewe haihitaji ukali wala maelezo ya sababu, maana wengine wana kesi ya malezi mahakamani na wengine hawapendi tu. Inachohitaji ni kumwonyesha mhariri mtoto gani hasa. Mzazi anaweza kuandika hivi: “Katika picha ya Gredi ya 4 iliyopigwa Ijumaa, mwanangu yuko safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto kwa mtazamaji. Naomba asionekane katika jarida wala kwenye Facebook ya shule, na jina lake liondolewe chini ya picha. Nakala za wanafunzi wa darasa hilo sina neno nazo.”

Hapo mhariri anakutana na tatizo. Mtoto aliye pembeni hukatwa kwa urahisi, lakini huyu ni wa tatu: kumkata ni kuwaondoa pia walio kushoto kwake katika kila safu. Kwa hiyo barua nzuri huongeza njia ya pili, yaani uso ufunikwe kwa rangi nzito au itumike picha nyingine. Kutia ukungu kidogo hakutoshi, kwani wanaomfahamu watamtambua kwa nywele na kimo. Mwalimu aliyearifiwa kabla ya siku ya picha humweka mwisho wa safu, na kazi inakuwa imekwisha.

Kuna mtego mwingine ambao shule nyingi hazijaushtukia. Picha ikikatwa ndani ya Word, sehemu iliyokatwa hufichwa tu. Jarida likitumwa kwa WhatsApp likiwa faili la Word, anayelipokea hubofya picha, huchagua Crop, na mtoto huyo anarudi mzimamzima. Dawa ni kuikata kwanza kwenye simu, kuhifadhi nakala mpya, kisha kuiweka nakala hiyo peke yake jaridani. Au, ndani ya Word, kufungua Compress Pictures na kuchagua Delete cropped areas of pictures.

Mzazi ajiwekee nakala ya barua yenye muhuri wa shule. Shule ikipuuza, atalalamika kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90.