Mapishi Yaliyoishia kwenye “Mpaka”

Haya ni mapishi ya maharage ya nazi, kwa mwandiko wa aina inayojaa kwenye madaftari ya jikoni:

“Chagua maharage, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia maji mengine, bandika yachemke. Nazi ikune, kamua tui zito uweke kando, kamua tena upate tui jepesi. Kwenye maharage tia kitunguu, nyanya, bizari, chumvi kiasi, na tui jepesi. Mwisho tui zito, koroga, moto mdogo mpaka”

Karatasi imechanika hapo. Hakuna kilo, hakuna vikombe, hakuna dakika. Hata aina ya maharage haikutajwa. Mtu anayetaka kupika leo, au anayetaka kuyapiga chapa mapishi ya bibi yake ili wajukuu wayapate, atajiuliza: hapa naweza kusema nini bila kubahatisha, na bila kumtia mtu hatarini?

Tuanze kwa kumtendea haki aliyeandika. Kuacha vipimo si uzembe. Huandikiwa hivi mtu ambaye amekwisha kusimama jikoni, anayehitaji kukumbushwa mpangilio tu. Hata Ulaya vitabu vya mapishi vilikuwa hivyo kwa karne nyingi. Kitabu cha Mwingereza Eliza Acton cha mwaka 1845 hukumbukwa, pamoja na mengine, kwa sababu kilitenga orodha ya viungo na vipimo vyake na kutaja muda wa kupika, jambo ambalo wengi kabla yake hawakulifanya.

Kwa hiyo karatasi yetu ina habari nyingi kuliko inavyoonekana, na habari hizo zimo katika mpangilio. Maharage yanabandikwa peke yake kwanza. Nyanya inakuja baadaye. Tui zito linakuja mwisho, na moto mdogo unatajwa baada ya tui hilo. Kila moja ya hatua hizo ina sababu inayofahamika.

Nyanya ina uchachu, na uchachu huchelewesha maharage kulainika. Ukitia nyanya, ukwaju au ndimu mapema, maharage yanaweza kukaa jikoni saa nyingi na bado yakawa na moyo mgumu. Tui zito nalo likichemshwa kwa nguvu hukatika: mafuta yanajitenga juu, na mchuzi unabaki na chembechembe. Ndiyo maana linatiwa chakula kikiwa kimeiva, kwa moto mdogo, huku mpishi akikoroga. Kutokana na hayo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba aliyeandika alitaka maharage yawe yameiva kabla ya nyanya na tui. Pia tunaweza kuimalizia sentensi yake ya mwisho bila hofu kubwa. Baada ya “mpaka” palikuwa na maneno kama “mchuzi uwe mzito” au “tui liive”. Ukikosea hapo, utapata mchuzi mwepesi kidogo au mzito kidogo. Hakuna atakayeugua.

Hatari imo kwenye neno lililopita kimyakimya katikati: “bandika yachemke”. Yachemke kwa muda gani?

Maharage mabichi yana protini ya kundi la lektini, inayoitwa fitohemaglutinini. Mekundu makubwa ndiyo yanayoongoza kwa wingi wake. Hata maharage manne au matano mabichi yanaweza kutosha kumletea mtu kichefuchefu na kutapika ndani ya saa moja hadi tatu, kisha tumbo la kuendesha. Kwa kawaida mtu hupona siku hiyohiyo, lakini saa hizo ni za mateso, na kwa mtoto mdogo au mzee upotevu wa maji mwilini si jambo la kupuuza. Madaktari wa Uingereza walianza kuandika matukio haya mwaka 1976, pale kundi la wavulana wa shule waliokuwa kambini walipougua baada ya kula maharage mekundu yaliyolowekwa tu bila kupikwa. Kuloweka hulainisha na kupunguza sumu kidogo, lakini hakuiondoi.

Kinachoiondoa ni maji yanayochemka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri maharage yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa angalau dakika 30. Katika nyuzi joto 100 dakika 10 zinaweza kutosha kuiharibu protini hiyo. Dakika 20 za ziada ni za kuhakikisha kwamba joto hilo limefika kwenye kila punje, na ndani ya kila punje.

Hapa karatasi yetu inaweza kumpoteza msomaji mwenye haraka. Ameona “moto mdogo” mwishoni, na kwa kuwa pengine pote moto haukutajwa, anaamua kuwa mapishi yote ni ya moto mdogo. Anaweka sufuria kwenye makaa hafifu tangu mwanzo, maji yanafukuta bila kuchemka, na baada ya saa kadhaa maharage yanaonekana kama yameiva. Katika joto la nyuzi 80 hivi sumu haiharibiki, na imeonekana kwamba makali yake yanaweza kuongezeka hadi mara tano kuliko ya maharage mabichi. Kosa hilohilo linaweza kumpata anayetumia sufuria ya umeme ya kupikia polepole, au kikapu cha kuhifadhi joto ambacho watu hukitumia kuokoa mkaa. Kikapu ni kizuri, ila maharage yaingie humo baada ya kuchemka kwa nguvu kwa muda wake wote. Kikapu kinamalizia mapishi, hakiwezi kuyaanza.

Kwa sababu hiyo, anayejaza pengo la “yachemke” asitafute ni dakika ngapi bibi alizokusudia. Hatuzijui, na hatuna njia ya kuzijua. Anachoweza kusema salama ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: kiwango cha chini na dalili. Kiwango cha chini ni dakika 30 za kuchemka kwa povu na mapovu, zikihesabiwa tangu maji yalipoanza kuchemka na si tangu sufuria ilipobandikwa. Dalili ni punje inayopondeka yote kati ya vidole viwili. Ipasue: katikati pakiwa na doa jeupe lenye ungaunga, bado. Moja bila nyingine haitoshi. Maharage yaliyokaa dakika 30 na bado magumu hayajaiva, na yaliyolainika kwa moto wa kufukuta bila kuchemka si salama.

Dalili inahitajika kwa sababu saa pekee husema uongo. Maharage mapya yaliyolowekwa vizuri yanaweza kuiva kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Yale yaliyokaa ghalani muda mrefu, kwenye joto na unyevu, hukomaa ugumu na yanaweza kuhitaji mara mbili ya muda huo. Maji ya kisima yenye chumvichumvi za chokaa huchelewesha pia. Na mahali unapopikia panahesabika. Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, maji huchemka katika nyuzi 100 hivi. Nairobi, iliyo juu kama mita 1,700, huchemka katika nyuzi 94 hivi, kwa maana joto la kuchemka hupungua takriban nyuzi moja kila unapopanda mita 300. Mapishi ya Tanga yakinakiliwa na dakika zake na kupelekwa Nairobi, yatamwangusha mpishi ingawa hakuna aliyekosea. Huko juu ongeza muda, na usipunguze dakika 30 hata kidogo.

Jambo moja dogo linasahaulika: kuonja. Wengi tuna mazoea ya kuchota punje na kuitafuna kuona kama imeiva. Katika nusu saa ya kwanza usitafune, iponde kwa vidole. Mpishi anayeonja punje mbili sasa na tatu baadaye anaweza kufikia idadi ya kumuumiza hata kabla chakula hakijaivishwa mezani.

Aina ya maharage nayo haikutajwa. Inaweza kuwa ya njano, ya rangi ya udongo, au mekundu. Pale usipojua, chukulia ile yenye hatari zaidi, yaani mekundu, na uandike masharti yake. Anayepika ya njano hatapoteza chochote zaidi ya mkaa kidogo.

Kuhusu vipimo, yapo yanayojengeka kutokana na tabia ya chakula chenyewe. Nusu kilo ya maharage makavu hunywa maji na kuwa kama kilo moja yakilowekwa, kwa hiyo bakuli liwe kubwa na maji yawe angalau mara tatu ya ujazo wa maharage. Jikoni maji yasimame vidole viwili juu ya punje, na yaongezwe ya moto yanapopungua. Hayo unaweza kuyaandika kwa ujasiri. Nazi moja kubwa kwa nusu kilo ni pendekezo la busara, lakini ni lako. Chumvi, bizari na pilipili hazina namba inayoweza kufufuliwa kutoka kwenye “kiasi”. Hapo andika wazi kwamba mpishi aonje mwenyewe, na hapo kuonja ni salama, kwa kuwa maharage yameshaiva.

Kwa anayetaka kuyahifadhi mapishi kama haya, njia ya uaminifu ni kuyaacha maneno ya asili kama yalivyo na kuweka nyongeza kwenye mabano ya mraba. Hivi:

“Asubuhi mwaga maji, tia maji mengine, bandika yachemke [kwa nguvu angalau dakika 30, kisha yaendelee hadi punje ipondeke kwa vidole, maeneo ya juu, zaidi]. … Kwenye maharage [yakiwa yameiva kabisa] tia kitunguu, nyanya, bizari, chumvi kiasi [onja], na tui jepesi. Mwisho tui zito [la nazi moja kwa nusu kilo ya maharage makavu, ni pendekezo], koroga, moto mdogo mpaka [mchuzi uwe mzito kiasi unachopenda; usiache tui lichemke kwa nguvu].”

Msomaji ataona mara moja kipi ni cha bibi na kipi ni cha mnakili. Ongeza na mstari mmoja ambao karatasi nyingi za zamani hazina kwa sababu chakula kililiwa chote siku hiyo: maharage ya nazi yasikae nje zaidi ya saa 2 baada ya kupikwa, na yakipashwa yachemke tena huku yakikorogwa, hata kama tui litakatika. Tui lililokatika bado linalika.