Kumweleza mfamasia maumivu ya kichwa

Maneno "Kichwa kinaniuma" humwonyesha mfamasia tatizo, lakini hayatoshi kumchagulia mgonjwa dawa. Yanayofuata ndiyo yenye uzito: "Kimeanza jana jioni, kinagonga upande mmoja." Kisha: "Asubuhi nimemeza Panadol mbili." Hilo la mwisho lisisahaulike kamwe, kwa sababu dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, na mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24; ikizidi huweza kuharibu ini. Mjamzito aseme, "Nina mimba ya miezi mitatu", mwenye mzio, "Nikimeza aspirini natokwa na vipele." Mwenye kusema, "Nina homa na shingo imekakamaa," aende hospitali mara moja, asisubiri dawa ya dukani.