Maji Yaliyokosa Kalsiamu

Watu wengi waliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wana meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Madoa hayo yanatokana na floridi iliyomo katika maji, ambayo mtoto huyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengeka ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika mito na visima vingi vya huko, kama ilivyo Nakuru na kwingineko kwenye Bonde la Ufa, hupimwa kiasi kinachozidi hicho mara kadhaa.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni volkano. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Mwamba unaweza kuwa na floridi tele na maji yake yakabaki na floridi kidogo, iwapo maji hayo yana kalsiamu ya kutosha. Hapa ndipo hesabu ndogo ya kemia inapotufunulia kisichoonekana kwa macho.

Floridi na kalsiamu zikikutana kwa wingi, huungana kuwa floridi ya kalsiamu, chumvi ngumu ambayo katika miamba huitwa floriti. Chumvi hii haimumunyiki kwa urahisi. Ukiitia kwenye maji safi, sehemu ndogo tu huachana na kuwa ioni, nyingine yote hubaki chini kama mashapo. Baada ya muda hufikiwa msawazo: kadiri ioni zinavyotoka kwenye chumvi, ndivyo nyingine zinavyorudi.

CaF₂ ⇌ Ca²⁺ + 2F⁻

Katika msawazo huo, ukizidisha ukolezi wa kalsiamu kwa ukolezi wa floridi uliopigwa kipeo cha pili, jibu halibadiliki maadamu joto ni lilelile. Jibu hilo ndilo zao la umumunyifu. Kipeo cha pili kinatokana na kwamba kila kalsiamu moja hutoka na floridi mbili. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ukolezi ukipimwa kwa moli kwa lita:

Ksp = [Ca²⁺] × [F⁻]² = 3.5 × 10⁻¹¹

Tuanze na maji yasiyo na kitu kingine chochote. Tuseme moli s za chumvi zimemumunyika katika lita moja. Kalsiamu itakuwa s na floridi itakuwa 2s, kwa hiyo:

s × (2s)² = 4s³ = 3.5 × 10⁻¹¹
s³ = 8.75 × 10⁻¹²
s = 2.06 × 10⁻⁴

Floridi ni maradufu ya s, yaani 4.12 × 10⁻⁴. Moli moja ya floridi ina uzito wa gramu 19, hivyo tunapata takriban miligramu 7.8 kwa lita. Tazama jinsi chumvi tunayoiita ngumu kumumunyika inavyoweza kutoa floridi mara tano ya kiwango kinachoshauriwa. Neno “haimumunyiki” halitoshi kumlinda mtu. Lazima kupiga hesabu.

Sasa chukua maji yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa na kubeba miligramu 40 za kalsiamu kwa lita. Moli moja ya kalsiamu ina gramu 40, kwa hiyo ukolezi wake ni 1.0 × 10⁻³. Zao la umumunyifu halijabadilika. Kwa kuwa kalsiamu tayari ni nyingi, floridi haina budi kupungua:

[F⁻]² = 3.5 × 10⁻¹¹ ÷ 1.0 × 10⁻³ = 3.5 × 10⁻⁸
[F⁻] = 1.87 × 10⁻⁴, yaani miligramu 3.6 kwa lita

Hii ndiyo athari ya ioni ya pamoja. Kalsiamu iliyotangulia kwenye maji ni ileile ambayo chumvi ingeitoa, na uwepo wake unaizuia chumvi isimumunyike zaidi. Nimeiacha pembeni kalsiamu kidogo inayotoka kwenye floriti yenyewe. Ukiihesabu, inaongeza kalsiamu kwa kama asilimia 9, na floridi inashuka hadi miligramu 3.4 hivi. Mkato huu unafaa pale ioni iliyotangulia inapoizidi kwa mbali ile inayotoka kwenye chumvi. Pasipokuwa hivyo, usiutumie.

Miteremko ya Meru ina hali iliyo kinyume. Miamba yake ya volkano ina sodiamu nyingi na kalsiamu haba, na maji yanayopita humo hujaa bikaboneti. Bikaboneti nayo huipunguza hata kalsiamu ndogo iliyopo, kwa kuwa hutoa kaboneti inayoungana nayo na kutuama kama chokaa. Tuseme kalsiamu imebaki miligramu 4 tu kwa lita, yaani 1.0 × 10⁻⁴. Hesabu ileile sasa inaruhusu floridi ifike 5.9 × 10⁻⁴, takriban miligramu 11. Mwamba unaweza kuendelea kutoa floridi, na hakuna cha kuizuia.

Kwa njia hiyohiyo unaweza kutabiri kama mashapo yatatokea. Tuseme kisima kina floridi miligramu 6 kwa lita, sawa na 3.16 × 10⁻⁴, na kalsiamu miligramu 4. Zidisha ukolezi uliopimwa:

(1.0 × 10⁻⁴) × (3.16 × 10⁻⁴)² = 1.0 × 10⁻¹¹

Jibu ni dogo kuliko Ksp, kwa hiyo hakuna kitakachotuama hata maji yakikaa mwaka mzima kwenye mtungi. Ongeza kalsiamu hadi miligramu 40, nalo zao linakuwa 1.0 × 10⁻¹⁰, kubwa kuliko Ksp. Hapo mashapo huanza kujitenga, na floridi huelekea miligramu 3.7.

Hesabu hii pia inaonyesha kwa nini kuchemsha hakusaidii. Maji yanapochemka, bikaboneti hugeuka kaboneti na kuitoa kalsiamu kama ule ukoko mweupe wa birika. Anayepungua ni adui wa floridi, ilhali floridi yenyewe inabaki na maji yanapungua kwa mvuke.

Je, tusiongeze kalsiamu tu, kwa chokaa au jasi, mpaka maji yawe salama? Miligramu 1.5 za floridi ni 7.9 × 10⁻⁵. Gawanya:

[Ca²⁺] = 3.5 × 10⁻¹¹ ÷ (7.9 × 10⁻⁵)² = 5.6 × 10⁻³

Hizo ni miligramu 225 za kalsiamu kwa lita, maji magumu mno, na sabuni haitatoa povu lake. Kipeo cha pili ndicho kinachotugharimu: kuishusha floridi kwa nusu kunataka kalsiamu mara nne. Tena hali halisi ni mbaya kuliko karatasi. Maji yenye chumvi nyingi nyingine huzipunguzia ioni nguvu ya kukutana, hivyo floridi inayobaki inaweza kuzidi ile tuliyoikokotoa kwa theluthi au zaidi. Mashapo ya floriti nayo huchukua muda kujitenga, na bikaboneti huinyang'anya floridi kalsiamu tunayoitia.

Kwa sababu hiyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kilijikita kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa uliochomwa una madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo huishika floridi usoni pake, na zao la umumunyifu la floriti halihusiki tena. Nafasi zake hujaa baada ya muda, na maji yanayopita hayabadiliki ladha wala rangi. Kwa hiyo anayetumia chujio hilo hana njia ya kujua limechoka ila kupima floridi ya maji yanayotoka, na kuubadilisha mkaa kabla kipimo hakijavuka 1.5.